Funguo Nne Zilizokufa

Mume wangu halitaji jina la kinanda mpaka awe na hakika, kama watu wanavyoogopa kumtaja marehemu kabla hawajamwona. Ubao wenye jina la kiwanda hausadiki kabisa. Ubao ni skrubu mbili tu, husema, hata mke wangu anaweza kuuhamisha. Alianza na useremala, akahamia vinanda vya upepo, na kwa miaka thelathini amehesabu funguo za vinanda vya watu huku mimi nikihesabu skrubu anazopoteza. Siku hizi macho yake yamechoka, kwa hiyo mimi ndiye mshika tochi na msoma maandishi. Tukigombana njia nzima, kazi huwa inakwenda vizuri.

Siku ile alituita mwalimu wa kwaya, mwanamke aliyerudi kutoka ng'ambo kumzika mama yake.

"Mdogo wangu ameuza kinanda cha mama akaweka kingine kinachofanana," alituambia tulipofika mlangoni. "Fundi, ukinithibitishia hilo leo, mimi sina ndugu tena."

Huyo mdogo wake, kijana wa kiume, alikuwa amesimama palepale ukumbini akitazama miguu yake. Nilitamani kumtikisa aseme neno.

Chumba cha marehemu kilikuwa kimefungwa mapazia mchana kweupe. Shali yake ilikuwa bado juu ya kiti cha kinanda. Mwalimu aligonga uma wake wa chuma, ule wa kutafutia sauti, ukalia noti ya A. Kisha akakanyaga mivukuto na kubonyeza A ya kinanda. Ikatoka sauti nyingine, nzito, ya chini. Alipoondoa mguu, kinanda kikashusha pumzi ndefu kama mtu aliyechoka kusubiri. Nywele zilinisimama, nisiseme uongo.

"Cha mama kilikuwa kinakubaliana na uma huu," alisema. "Huyu anayejibu humu simjui."

Mume wangu akahesabu funguo: sitini na moja. Akanifanya nimulike vishikio vya kuchagulia sauti, nimsomee vile vibao vidogo vya kauri. Namba ndani ya duara, moja hadi nne upande wa kushoto, namba zilezile upande wa kulia, na herufi E katikati. "Namba za duara maana yake hiki kinapuliza upepo, hakivuti," alisema. Mpaka hapo, mwalimu alikubali, hakikutofautiana na cha mama.

Kisha akajaribu funguo moja moja kutoka kushoto. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu, ya nne, kimya. Ya tano ikalia.

"Zimekufa," mwalimu alisema. "Mama asingeziacha hivyo."

"Hazijafa. Hazina kitu chini yake," mume wangu alisema, na sauti yake ikanitisha kuliko kinanda.

Akavuta kishikio kimoja tu cha kulia. Kwenye vinanda vya aina hii, sauti za vishikio vya kulia huanzia F ya katikati. Kiwanda hugawa hapo sauti za kushoto na za kulia. Akabonyeza F. Kimya. Akapanda polepole, nyeusi na nyeupe, hadi A, na hapo ndipo kikaamka. Hatua nne tena.

"Kinanda hakikubadilishwa," alisema. "Funguo ndizo zilizohama."

Akafungua ubao mwembamba wa mbele ya funguo. Ndani kulikuwa na mshale na safu ya herufi, maana fremu nzima ya funguo ilitengenezwa iweze kutelezeshwa kushoto, ili wimbo ushuke bila mpigaji kubadilisha vidole. Mshale ulikuwa umeshuka hatua nne. Kando ya kila hatua palikuwa na maandishi ya penseli. Nikasogeza tochi, nikasoma: Machi. Juni. Septemba. Novemba.

Marehemu alizikwa Desemba.

"Huo ni mwandiko wako," mwalimu alimwambia mdogo wake.

"Nilikuwa natelezesha mimi, Dada. Yeye hakuwa na nguvu." Kijana sasa alikuwa analia waziwazi. "Kila sauti yake ilipozama, tulikishusha kimfuate. Alisema ukijua anaumwa utaacha kazi yako urudi. Ndiyo maana alikwambia simu yake mbovu, asije akakuimbia ukaijua sauti yake. Aliniapisha."

Mwalimu hakuomba radhi, nadhani hakuweza. Alikaa kitini juu ya shali, akakanyaga mivukuto, akaanza wimbo ambao mama yao aliwalaza nao utotoni. Vidole vilijua njia. Akafungua kinywa aimbe, lakini Novemba ilikuwa chini mno. Sauti yake haikufika. Akajaribu tena, ikakatika.

Mdogo wake akaja akasimama nyuma ya kiti, mahali alipozoea kusimama mama akipiga, akaimba kwa niaba yake.

Mume wangu alinivuta mkono tukatoka. Ubao wa mbele ya funguo tuliuacha wazi.