Kunawa kwa Mdomo

Wodini tulimwita Bi Ndoo. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mfagizi, na bomba zilipokauka ndiye aliyebeba maji ili manesi wanawe mikono. Kisha, "uzeeni," kama alivyotania mwenyewe, akajiunga na chuo cha uuguzi, tukawa darasa moja.

Mtihani wa vitendo ulikuwa kusafisha kidonda. Tulijifua wiki tatu chumbani kwangu: mto ndio mgonjwa, yeye anafanya, mimi nimeshika karatasi ya alama. Kunawa mikono kuliwekewa nyota: ukikosa hatua hiyo, umefeli hata ukipata nyingine zote. Chumbani hapakuwa na bomba. Basi akawa anasema, "Nimenawa," nami natia tiki. Mara arobaini nilitia tiki, mpumbavu mimi.

Siku yenyewe nilitangulia kuingia. Nikaona sabuni kwenye sinki, nikakumbuka kunawa kweli. Zamu yake ilipofika, kama alivyonisimulia baadaye, alimsalimia mgonjwa vizuri, akasema, "Nimenawa," akachukua glavu. Sinki lilikuwa ubavuni mwake. Mtahini aliinamia karatasi yake; kazi yake ni kutia alama, si kukumbusha.

"Mazoea yana taabu, mdogo wangu," aliniambia matokeo yalipotoka. Hakunilaumu. Afadhali angenitukana.

Alikataa kurudia mtihani, akarudi kwenye dekio. Mimi ndiye nesi sasa. Bomba zikikauka, huniwekea ndoo mlangoni, akasimama mikono kiunoni, na kuniambia mbele ya wagonjwa:

"Nawa, nesi. Nikuone."