Kondoo Ambaye Hakuandikwa

Nilikuwa mkaguzi wa ndani wa shirika linaloendesha zahanati ndogondogo katika wilaya za Mbulu na Hanang. Mwaka mmoja bodi ilinipa kazi ambayo sikuwahi kuifanya: niache dawa na mafuta ya magari, nikague maadili. Walitaka kujua kama watumishi wanazifahamu kanuni za maadili, na kama wakubwa wenyewe wanazifuata. Nilifurahi mno. Mimi ni mwepesi wa kuona makosa ya watu, na sasa nilikuwa nalipwa kwa tabia hiyo.

Dodoso nililitunga mwenyewe. Kulikuwa na maswali ya kukubali au kukataa, kisha visa vifupi: muuza dawa amekuletea ndoo ya asali, utafanya nini? Juu niliandika kwa herufi nene, "Usiandike jina lako." Chini yake nikauliza kituo, kada na miaka kazini, ili nilinganishe majibu ya ofisini na ya vituoni. Mtu mzima na shahada yangu, sikuona kwamba penye muuguzi mmoja, ukitaja kituo umeshamtaja muuguzi.

Muuguzi huyo mmoja alikuwa ng'ambo ya Yaeda Chini, kituo chetu pekee cha bondeni. Tulikwenda na gari la mkurugenzi, na dereva wake, kwa sababu la kwetu lilikuwa gereji, na njia ile gari dogo halifiki. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa milimani Mbulu, mfawidhi, yaani msimamizi, wa zahanati. Aliishi nyuma yake, katika nyumba ya mtumishi, na mama yake mzazi ambaye macho yalishapotea. Alipoliona gari kwa mbali alijua mkurugenzi anakuja. Tuliposimama, kondoo alikuwa ameshachinjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mzee yuko wapi?"

"Hajaja. Ni mimi, mkaguzi."

Aliangalia ndani ya gari, kisha akacheka. "Basi karibu. Nyama hairudi kuwa kondoo."

Nilimhoji katika chumba cha kupimia watoto uzito. Katika vituo vyote nilivyopita, watu waliniambia kanuni za maadili wamezisaini lakini hawakumbuki zinasema nini. Yeye alizifahamu. Alisema kifungu cha zawadi bila kufungua kitabu: mtumishi hatatoa wala kupokea zawadi kazini, na ikishindikana kuikataa, ataiandika kwenye rejista ndani ya siku saba.

"Na wakubwa wanakifuata?" nikauliza.

Alitazama mlango. Dereva alikuwa nje, anapiga soga na wagonjwa. "Hii itatoka humu?"

"Haitoki, mama. Atakayesoma ni mimi."

"Mkurugenzi akija, lazima kondoo," alisema. "Hajawahi kuomba. Lakini kuna mwenzetu alimpa chai tupu, haukupita mwezi akahamishwa. Mimi nina huyu mama ndani. Nyumba hii anaijua kwa mikono yake. Nikihamishwa, atajifunzia wapi nyingine?"

Niliandika yote, neno kwa neno. Kisha nikaenda kula. Nilikula mbavu, nikanywa supu, na paja moja likafungwa kwenye mfuko likawekwa nyuma ya gari. Nyumbani kwangu lilipikwa Jumapili.

Niliporudi makao makuu niliomba rejista ya zawadi. Ilikuwa daftari jipya, halijaandikwa hata mstari mmoja tangu lifunguliwe. Nilishangilia peke yangu, maana huo ulikuwa ushahidi mzuri: watumishi wanasema zawadi zinatolewa, na rejista inasema hazipo. Wazo la kumwandika kondoo wangu lilinijia, nikalifukuza. Nilijiambia kondoo yule alichinjiwa mkurugenzi, mimi nilimkuta tu. Hata dodoso langu mwenyewe, maana na sisi wa ukaguzi tulijaza, penye swali la kupokea zawadi niliweka alama ya vema kwenye "Hapana".

Rasimu ya taarifa hupelekwa kwanza kwa menejimenti ili wajibu hoja, yaani kasoro tulizoziandika. Ndani yake nilinukuu maneno ya yule mama, kwa sababu yalikuwa matamu na nilitaka kamati ya ukaguzi iyasikie. Chini yake niliandika, "Mtumishi, kituo cha bondeni."

Mkurugenzi aliniita. Ni mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na tangu nianze kazi aliniita kijana wangu.

"Kijana wangu, huyu mama anakijua kifungu kuliko mimi," alisema, kidole kikiwa juu ya ule mstari. "Anajua, na bado anatoa. Huoni kwamba amekiri kosa?"

Nilieleza kwamba hoja haikuwa mtumishi, hoja ilikuwa mwenendo wa wakubwa. Alitikisa kichwa taratibu.

"Mimi nimewahi kumwomba? Na ninyi mlipokwenda, mlikula nini?"

Nilikusanya karatasi zangu. Dereva alikuwa wake.

Majibu ya menejimenti yalirudi na mstari mmoja mbele ya hoja ile: hatua za nidhamu zimechukuliwa. Yule mama alipewa barua ya onyo, akavuliwa ufawidhi, akapelekwa kituo cha upande wa Hanang. Mkaguzi wa ndani ana njia yake ya moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi, na iliwekwa kwa ajili ya siku kama ile. Sikuitumia. Niliogopa kuulizwa habari za nyama, na nilijua hivyo wakati ule ule, sikuhitaji miaka ya kutafakari.

Mwaka uliofuata tulirudia zoezi. Sasa nilikuwa nimejifunza: sikuuliza kituo, na majibu yaliwekwa kwenye bahasha zilizofungwa, zikachanganywa kabla ya kufunguliwa. Dodoso la bahasha moja lilijazwa kwa kalamu ya kijani, kwa vema zenye mkia mrefu. Nilizitambua mara moja: ni zile za dodoso la yule mama mwaka uliopita. Je, unazifahamu kanuni za maadili? Sijui. Umeletewa asali, utafanya nini? Sijui. Wakubwa wanafuata kanuni? Sijui. Mpaka ukurasa wa mwisho.

Nilimfuata. Hilo nalo lilikuwa kosa, maana kumfuata kulimwambia kwamba nimeujua mwandiko wake. Nilimkuta anaanua mashuka ya wodi. Pembeni mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti, paji la uso lina kovu jipya.

"Milango ya hapa ni mifupi," alisema aliponiona namtazama.

"Mama, dodoso ni lako. Kifungu umekisahau?"

Alikisema chote, kama siku ile, huku anakunja shuka. Kisha akaniuliza, bila hasira, na afadhali angekuwa nayo: "Wewe ulikiandika vipi kile ulichokula?"

Niliona aibu. Nilimwomba radhi. Alisema, "Haya, mwanangu," akaendelea na mashuka.

Wiki hiyo nilimwandikia mwenyekiti wa kamati. Nilieleza gari, kondoo, paja, ahadi niliyoivunja na "Hapana" niliyoiweka. Nilipewa onyo, na nililistahili. Uhamisho wake walisema utaangaliwa. Ulikuwa bado unaangaliwa alipostaafu.

Kisha nikaenda masjala kuomba rejista ya zawadi. Bado ilikuwa tupu, kwa hiyo mstari wa kwanza ni wangu. Tarehe niliijaza. Aina ya zawadi: kondoo dume mmoja. Aliyepokea: niliandika majina yangu yote matatu. Safu ya nne inauliza jina la aliyetoa.

Nilikaa na kalamu mpaka karani wa masjala akauliza kama wino umeisha. Safu ile nimeiacha wazi. Ingekuwa rejista ya mtu mwingine, ningeiandikia hoja.