Nilivyoshukiwa Ugoni kwa Kubana Nauli

Picha ilifika kwenye simu ya mume wangu kabla mimi sijafika nyumbani; nani aliipiga, sijui mpaka leo. Bodaboda moja, watu watatu: dereva mbele, mimi katikati, na nyuma yangu mwanaume mwenye miwani amenishika mabega kwa mikono yote miwili, kwa sababu barabara ya kushuka kutoka Mamba, kijiji cha milimani, ilikuwa utelezi mtupu na hapakuwa na kingine cha kushika. Ningekuwa mtu baki, na mimi ningesema hawa wana lao jambo.

Yule mwenye miwani alikuwa mtafiti wa saikolojia kutoka chuo kimoja cha mbali. Alinikuta sokoni Same, nimekaa juu ya magunia yangu ya tangawizi. Alitaka mkalimani anayejua Chasu, lugha yetu Wapare, na anayefahamika kwenye nyumba za juu. Mimi milimani wananijua, na hakuna mkulima ambaye sijawahi kugombana naye kuhusu uzito wa gunia. Huwa napima mara mbili, mbele yake na nyuma yake.

"Utafiti wa nini, mwalimu?"

"Usaliti katika ndoa."

"Na hilo linasomewa digrii? Kaa hapa gunia la pili mpaka mchana, utaondoka na kitabu kizima."

Alicheka kwa adabu. Akasema soko litampa nani na nani, yeye anatafuta kwa nini, na baadaye inakuwaje. Akanieleza kwamba mtu aliyesalitiwa anaweza kuumwa kama aliyetoka kwenye ajali: halali usingizi, hali chakula, akili inarudia jambo moja kama kinu cha kusaga. Watoto wanaathirika. Magonjwa yanaingia nyumbani. Wengine wanauana kwa wivu, na mara nyingine hata tendo lenyewe halikuwepo, ilikuwa shaka tu. Ila kuna ndoa zinazopasuka na kuna zinazoungwa zikasimama, na hakuna anayeweza kusaidia watu kabla hajajua tofauti hiyo inatoka wapi.

Lile la shaka tu nililisikia kwa sikio moja. Nilikuwa napiga hesabu ya ujira wangu.

Masharti yake yalikuwa magumu kuliko ya mnunuzi wa Kihindi. Kila mtu ahojiwe peke yake, mlango umefungwa, mke asisikie ya mume. Majina hayatajwi. Asiyetaka kujibu aachwe. Mkalimani asiongeze chumvi wala asipunguze, na akishuka mlimani ashuke na mdomo mtupu. Niliapa. Mimi ninayepima kila kitu mara mbili niliambiwa hapa nisipime, nipitishe tu.

Swali la kwanza lilikuwa: usaliti ni nini kwako? Nilidhani jibu ni moja. Kumbe kuna aliyesema mpaka kitanda. Mwingine akasema ujumbe wa simu unaofutwa tayari ni usaliti. Mama mmoja akasema mumewe angelala na mwingine angesamehe, lakini akimwelezea huyo mwingine huzuni zake, basi ameondoka. Kuna baba aliyesema mwanaume hasaliti, anaongeza, na mwanamke akifanya hivyohivyo amebomoa nyumba. Nilitafsiri bila chumvi, ingawa ulimi uliwasha.

Halafu sababu. Upweke. Kutotazamwa tena. Pombe na nafasi iliyojitokeza. Hasira ya kulipiza. Hamu ya kitu kipya. Kutaka kujua kama bado unapendeza. Hofu ya kuachwa, mpaka mtu anajiwekea akiba pembeni. Na wako waliosema ndoa yao ilikuwa njema kabisa, na bado walitoka.

"Sasa sababu ni ipi?" nilimuuliza mtafiti siku moja tukiteremka kwa miguu.

"Hakuna moja. Na uwe mwangalifu, dada. Sababu anayoitoa mtu baada ya tendo huwa imeshapigwa pasi. Nyumba yenye ugomvi inaweza kuzaa usaliti, na usaliti unaweza kuzaa ugomvi. Ukivikuta pamoja, usiseme kimoja ni mama wa kingine."

Siku ya picha ilinyesha. Bodaboda mbili zilikuwepo, zikitaka bei ya mvua. Nilibishana mpaka dereva mmoja akaondoka kwa hasira. Aliyebaki akasema, basi pandeni mishikaki. Mtafiti akasita. Nikamwambia apande nyuma, mimi nitakaa katikati, kwa sababu anayekaa nyuma kabisa ndiye anayeangukia mawe. Nilijiona mjanja sana.

Mume wangu ni dereva wa lori. Wiki hii yuko Tunduma, ijayo yuko Dar. Siku ile alikuwa nyumbani. Niliingia nimelowa, nikamkuta kakaa sebuleni, simu mezani imelazwa kifudifudi.

"Za safari?" akauliza.

"Nzuri. Mvua tu."

"Ulikuwa na nani?"

"Na mwalimu, yule wa utafiti."

"Mlikuwa mnafanya nini?"

Akaigeuza simu. Nikaiona picha. Nikafungua mdomo nieleze, na hapo ndipo baridi iliponiingia, baridi isiyo ya mvua. Aliniuliza: kwenye zile nyumba, mlango unafungwa? Nikasema ndiyo. Mnaongea nini humo? Nikasema siwezi kusema, niliapa. Nilisikia maneno yangu yakitoka, na kila neno lilikuwa la mtu aliyefumaniwa.

Hakupiga kelele. Angepiga ningejua pa kusimama. Alisema tu, "Kesho kutakuwa na kikao. Wazee nimeshawapigia," akatoka uani.

Usingizi sikuupata. Asubuhi, alipokwenda kuoga, nilipita nyumba nzima nikihesabu vyenye makali. Panga lilikuwa moja. Nikahesabu tena, bado moja. Nikalichomeka chini ya magunia ya tangawizi stoo, nikakaa juu yake kama kuku anayeatamia. Yule ndiye mwanaume niliyelala naye miaka yote hii, hajawahi kuniinulia mkono, na nilikuwa nimemfichia panga. Ila wale wa kwenye mahojiano, nao wake zao walidhani wanawajua.

Alitokea mlangoni. "Panga liko wapi?"

Sikunyanyuka. "La nini?"

"Baba mdogo amefika na miwa. Unataka aitafune nzima?"

Nikamwambia nitaikata mwenyewe. Aliniangalia, akayaangalia magunia, na nadhani alielewa. Uso wake ulishuka kama wa mtu aliyetukanwa. Aliondoka, na nikaogopa zaidi.

Ndoa yetu tulifunga bomani, kwa sababu yeye ni Mlutheri wa juu mlimani na mimi ni Mwislamu wa huku chini barabarani. Kwa hiyo kikaoni nilihukumiwa kwa sheria nne kwa mpigo. Baba mdogo wake ni mzee wa kanisa. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitika "Marahaba" kama anayetema mbegu. Mjomba wangu, mfanyabiashara wa pale Same, alikaa upande wangu na tasbihi yake.

"Kanisani," baba mdogo alianza, "mtu akianguka anatengwa meza ya Bwana mpaka atubu na kurudishwa kundini. Huyu kundi lake ni jingine, tutamrudisha wapi? Ila kwa mila, huyo mwenye miwani ni mgoni. Alipe. Zamani ungekuwa mnyama na pombe kwa ukoo, na neno limeisha."

"Kwanza uthibitishe," mjomba akasema. "Kwetu anayemtuhumu mwanamke alete mashahidi wanne walioona kwa macho. Asiyewaleta, kosa linamgeukia. Wewe una picha ya pikipiki."

"Kwenye pikipiki wameshikana!"

"Mzee, na wewe ukija Same unamkumbatia dereva. Tukutenge?"

"Basi mahakamani! Sheria inaruhusu kudai fidia ya ugoni."

"Inaruhusu. Na mke naye anaruhusiwa kumdai mwanamke wa mumewe, hilo mnalirukaga. Na hakimu atataka ushahidi vilevile. Ninyi Wapare mtauza ng'ombe kufungua kesi ya kuku."

"Na wewe Mpare vilevile!"

"Ndiyo maana najua."

Mume wangu hakucheka. Aliiuliza sakafu, si mimi: "Kwa nini lakini?"

Wote wakajibu. Baba mdogo: mume hayupo, nafasi ni nyingi. Akaendelea: amekaa na wasomi, ameanza kujiona. Mjomba, katika kunitetea, akaniangamiza: "Hata kama ingekuwa kweli, mwanamke anaachwa peke yake wiki hadi wiki, hajaulizwa hata amekula nini."

Nilikaa nikisikiliza. Sababu zilezile, moja baada ya nyingine, kama nilivyozipitisha kutoka Chasu. Nafasi. Kujitafuta upya. Upweke. Zimenyooshwa pasi, zimekunjwa vizuri, na tendo halipo! Kisha likaja la kutisha kuliko panga: zilinikaa. Nilizipima kimoyomoyo mara mbili, na zote zilinienea. Nilikuwa mpweke kweli. Kama wangeniuliza mimi kwa nini huyu mwanamke alitoka, ningewapa jibu zuri kuliko wao.

Mjomba ndiye aliyesema aitwe dereva aliyetubeba. Akaletwa, mtu mzima, kofia ya pikipiki mkononi, hasira yake ya jana bado mbichi.

"Wazee, shikamooni. Huyu mama tangawizi ni mtu wa kupelekwa mahakamani kweli."

Baba mdogo akasogeza kiti karibu.

"Pikipiki zilikuwa mbili! Mwenzangu kamfukuza kwa kubana nauli. Huyo mwalimu alitaka kulipa ya pili mwenyewe, mama akamwambia asiwazoeshe vibaya. Njia nzima ananihesabia makorongo, anasema kila shimo nimpunguzie. Mwalimu wa watu anasali huko nyuma. Mapenzi gani hayo?"

Baba mdogo akatoa sauti kama kikohozi, na ikawa kicheko. "Aisee. Huyo ndiye mkwe wetu." Mjomba akajifuta macho. Waliomba miwa. Nililiendea panga stoo, nikalitoa mbele ya mume wangu, nikaikata.

Walipoondoka tulibaki wawili. Nilitegemea aombe radhi au niombe mimi. Alisema:

"Ungekuwa mkarimu ningekuacha."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kilichoniokoa hakikuwa kuaminiwa. Kilikuwa ubahili wangu.

"Uliniogopa," akasema baadaye. "Mpaka ukaficha panga."

"Niliogopa."

"Mimi pia. Nilipoiona picha, hasira ilikuja ya pili. Kwanza niliogopa." Akavunja kipande cha muwa, hakukila. "Huko juu wanasema inaanzaje? Sitaki majina."

Kiapo changu kilikuwa kwenye ya watu, hakikuwa kwenye yangu. Kwa hiyo nilimweleza ya nyumba hii: kwamba hajaniuliza nimekula nini, na kwamba yale waliyoyasema wazee yalinikaa mwilini kama nguo iliyopimwa. Nilimwambia bila chumvi, sikupunguza.

Alichukua panga, akalirudisha mahali pake, nyuma ya mlango wa jiko, pale ambapo kila mtu analiona.

Siku hizi ananipigia akiwa Tunduma. Anauliza, "Umekula nini?" Nikimwambia makande, anauliza na jana je. Nami juu mlimani nachukua bodaboda mbili, moja yangu, moja ya mwalimu, na kila ninapolipa ya pili, naumia.