Printa ya Ofisi ya Mizigo

Nilikuwa karani wa mizigo kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Hakuna gari lililoruhusiwa kutoka getini bila hati niliyoichapa mimi, na printa yangu ilikuwa mbovu. Ilivuta karatasi tatu kwa mpigo, ikazitafuna, ikawasha taa nyekundu. Nafungua kifuniko, nachomoa vipande, naanza upya. Vidole vyangu havikuisha weusi.

Nilimwambia meneja. "Vumilia kidogo," akasema. Nikamwandikia barua pepe, hakujibu. Nikampeleka fundi wetu wa kompyuta ofisini kwake, akamweleza mbele yangu kwamba mipira inayovuta karatasi imekwisha, na sehemu inayogandisha wino kwenye karatasi imeharibika, afadhali inunuliwe nyingine. Meneja akaitikia kwa kichwa. Wiki iliyofuata wakaja watu kufunga kiyoyozi kipya. Ofisini kwake! Nilijisikia kutukanwa.

Kisha ikafika asubuhi ambayo mashine iligoma kabisa, magari yamepanga foleni hadi nje. Dereva mmoja, mzee wa rika la baba yangu, akaingia.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. "Binti, mnalala humu ndani? Mzigo ukiharibika njiani nitaulizwa mimi, siyo wewe!"

Wenzake walikuwa mlangoni wanasikia. Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alikuwa na haki. Nikachomoa nyaya, nikaikumbatia ile printa, nikapanda nayo ngazi na kuibwaga mezani kwa meneja, juu ya magazeti yake.

"Wewe, una wazimu?"

"Bosi, kuna gari getini linasubiri hati. Nichapie."

"Unanivunjia heshima."

"Mimi nimevunjiwa yangu sasa hivi, kwa kosa lisilo langu. Nimekuomba, fundi amekueleza. Nataka jibu leo: inatengenezwa au inanunuliwa nyingine?"

Alinitazama, akaitazama mashine, kisha akanionyesha printa yake iliyokuwa dirishani. "Chapia hiyo kwa leo."

Nikashuka kuchukua flashi, nikarudi, nikachapa hati zote nikiwa nimesimama nyuma ya kiti chake.

Printa mpya ikaja baada ya siku chache. Niliona boksi likipita mlangoni kwangu na kupandishwa juu. Mimi nikashushiwa ile yake ya zamani. Sikatai, ilifanya kazi vizuri, na magari yakawa yanaondoka mapema. Lakini siku ileile boksi lilipofika, meneja aliniita mbele ya mhasibu, akanionya kwa utovu wa nidhamu.

"Omba radhi tuyamalize," akasema.

"Kwa lipi, bosi?"

Mhasibu akainamisha kichwa. Nikageuka, nikarudi kwenye kazi yangu. Radhi sikuomba, na hadi leo nikikumbuka ule mlango wa meneja uliokuwa unatoa ubaridi wa kiyoyozi, hasira hunipanda upya.