Nimeiona Nyumba Yenu Kutoka Barabarani

Barua pepe ile niliiandika asubuhi, pembeni kuna chai ya rangi na maandazi mawili, na nilipoimaliza nilijipongeza. Nilikuwa nimefungua ofisi Kambarage, hapa Shinyanga mjini, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, baada ya kuchoka kuchora hoteli za watu kule Mwanza. Kazi yangu ni usanifu wa ndani ya nyumba: mwanga, rangi, makabati, mahali pa kukaa na mahali pa kupita. Shinyanga watu wanajenga kweli kweli, lakini ukijitambulisha kwamba wewe ni msanifu wa ndani, ukiwa mwanamume watakuita fundi rangi, na ukiwa mwanamke watakuuliza pazia unauzaje. Nikaona nikisubiri kuitwa nitazeeka. Bora niwaandikie wenye nyumba mpya mimi mwenyewe.

Mkandarasi mmoja ninayefahamiana naye alikuwa ametoka kukabidhi nyumba mtaa wa pili. Mwenye nyumba ana duara upande wa Masumbwe, yaani shimo lake la kuchimba dhahabu, na Shinyanga anakuja mara mojamoja. Mkandarasi akampigia, akamwomba ruhusa ya kunipa anwani yake ya barua pepe, naye akajibu mpe tu. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sawa.

Sipendi barua za matangazo zinazoanza na "Ndugu mteja mtarajiwa". Mtu hajui wewe ni nani, halafu unamwagia sifa zako ukurasa mzima. Barua ya namna hii inatakiwa iwe fupi, ionyeshe kwamba umeiangalia nyumba yake na si nyumba yoyote, na iombe kitu kimoja kidogo. Kwa hiyo jioni moja nilipita mbele ya nyumba ile, nikasimama ng'ambo ya barabara nikaitazama. Kesho yake nikaandika hivi:

"Habari za kazi. Hongereni kwa nyumba mpya. Jana jioni nilipita mbele yake, nikaona jua la magharibi linavyoingia sebuleni kupitia yale madirisha mawili makubwa hadi ukuta wa ndani. Makochi yatapauka mapema na chumba kitakuwa na joto. Mimi ni msanifu wa mambo ya ndani, ofisi yangu iko hapa Kambarage. Naomba nije kwa saa moja, bila malipo, tuitazame nyumba pamoja kabla hamjanunua samani. Baada ya hapo mkiona hamnihitaji, hakuna neno. Je, Jumamosi itafaa?"

Chini nikaweka jina langu na namba ya simu. Kulikuwa na sentensi moja zaidi, inayosema ni nani amenipa anwani yao. Niliifuta ili barua isirefuke.

Jumamosi ikapita kimya. Sikushangaa, maana watu wengi hufungua barua pepe siku wanayotafuta namba ya mlipakodi. Jumatatu nikasikia viatu vinapanda ngazi taratibu, akaingia mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa vizuri, mkoba kwapani. Alikuwa mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeangalia nyumba za watu jioni?"

Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka mezani. Ilikuwa barua yangu, imechapishwa kwenye duka la kutoa kopi, na mtu alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya maneno "nikaona" na "hadi ukuta wa ndani".

Nilitaka kucheka. Halafu nikaudhika, na mimi nikiudhika sauti inapanda. Nikamweleza kwamba nina leseni ya biashara, ile pale ukutani, na kwamba huko kote nilikofanya kazi kutazama nyumba ni sehemu ya kazi. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza? Sasa nisikilize na mimi. Simu yenye hiyo barua pepe anakaa nayo mke wa mwenye nyumba. Mume yuko kwenye duara, ujenzi wote kausimamia mke. Mama wa watu yuko peke yake na watoto wawili, na mtaa mzima unajua mumewe anashika dhahabu. Anapata ujumbe, mtu asiyemjua anamwambia jana jioni nimekutazama mpaka ukutani. Wewe ungelala?"

Nikaivuta ile karatasi, nikaisoma upya.

"Hajalala kwenye ile nyumba tangu siku hiyo," akaendelea. "Amerudi kwenye chumba alichokuwa amepanga. Na mwenye chumba ameshapata mpangaji mwingine, mwisho wa mwezi anamtoa. Ameniambia akitoka hapo anarudi kwao Mwadui, nyumba iuzwe."

Hapo hasira yote iliniisha. Nilimwona mwanamke ambaye sikuwa namfahamu, aliyesimamia ujenzi tofali kwa tofali, anakunja magodoro kwa sababu ya sentensi yangu niliyoipenda kuliko zote. Nikampigia mkandarasi palepale, simu nikaiweka sauti ya wazi, naye akathibitisha kwamba mume ndiye aliyetoa anwani. Tukampigia na mume. Kule alikokuwa mashine zilikuwa zinanguruma.

"Ah, kweli," akasema. "Nilisahau kumwambia."

Mwenyekiti akatikisa kichwa, akaikunja karatasi yake. "Huku kwetu huingii kwa mtu hivihivi. Unakuja na mtu. Kesho saa nne nitakupeleka mimi."

Kesho yake mama mwenye nyumba alitupokea getini. Alikuwa kijana kuliko nilivyomdhania, uso umechoka. Mwenyekiti akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakasalimiana kwa kirefu, habari za watoto, habari za mvua, habari za Mwadui, mimi nimesimama na begi langu. Ndipo mwenyekiti akasema, "Huyu ndiye yule. Nimeulizia, ni mtoto wa watu. Mkandarasi wako anamjua." Nikaomba radhi. Akanijibu tu, "Karibu ndani."

Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia mapazia, rangi na makochi. Siku ya kwanza huwa sichori. Nauliza watu wanaishi vipi, napima vyumba, napiga picha nikiruhusiwa, halafu naondoka. Swali langu la kwanza huwa lilelile kwa kila mtu, nikamuuliza na yeye: mchana ukiwa nyumbani, unakaa wapi?

Alisita. Kisha akatupeleka kwenye korido, katikati ya milango ya vyumba vya kulala, yote imefungwa. Palikuwa na ndoo ya rangi imepinduliwa na kanga iliyokunjwa juu yake.

"Hapa," akasema.

"Kwa nini hapa?"

"Hapa sionekani."

Niliikalia ile ndoo. Pale kwenye korido kulikuwa na giza na joto, na ukweli ni kwamba hapo tu, katika nyumba yote ile kubwa, ndipo barabara haikukuona. Uzio wa mbele ulikuwa wa vyuma vyenye nafasi. Mlango mkubwa ukiwa wazi, anayepita barabarani anaona sebule yote. Jikoni kulikuwa nyuma, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, kwa hiyo akipika hawezi kujua nani amefika getini. Niliona aibu, kisha nikaona huruma, halafu akili ya kazi ikaamka. Barua yangu haikumletea hofu mpya. Alikuwa anaonekana na kila mtu tangu siku ya kwanza, na yeye haoni mtu. Mimi nilikuwa nimemwandikia tu.

Nikamwambia hivyohivyo. Akajibu, "Nilimwambia baba watoto, akasema ni kutozoea."

Tukaingia jikoni. Geti lilikuwa upande wa kushoto wa kiwanja, na gari likiingia linapita ubavuni mwa nyumba hadi nyuma. Ukuta wa jikoni wa upande huo haukuwa na dirisha. Nikaupima nione kama dirisha litakaa. Nikamuuliza mkandarasi kwa simu kama zege la linta, lile la juu ya madirisha, limezunguka nyumba nzima, akasema limezunguka, tukitoboa chini yake hapaharibiki kitu. Nikamsimamisha mama pale dirisha lingekaa, nikatoka nje, nikarudi kwa kupitia getini nikipaza sauti kila hatua ili ajue ningeanza kuonekana wapi. Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye ngazi anatucheka wote wawili.

Kabla saa haijaisha tulimpigia mume ili naye aseme lake.

"Mimi nataka ile dari ya jipsamu yenye taa za bluu," akasema.

"Baba watoto," mkewe akamjibu, "wewe unakaa hapa siku ngapi?"

Akaguna kwenye mngurumo wa mashine. "Haya," akasema mwishowe. "Msikilize mama mwenye nyumba."

Niliwaandikia ukurasa mmoja wa mapendekezo. Dirisha jipya jikoni, ubavuni, linalotazama njia hadi getini. Kwenye baraza, mbele ya mlango mkubwa na yale madirisha mawili, ukuta wa kupita kimo cha mtu, wa matofali ya matundu: upepo unapita, mwanga unapita, macho hayapiti, na lile jua la jioni lililoanzisha maneno yote linakatwa hapohapo. Taa za bluu nikaziweka mwishoni, nikaandika "baadaye". Ukurasa ule niliutuma kwa barua pepe, lakini safari hii nilimpigia kwanza kumwambia unakuja.

Akajibu kwa neno moja: wabeja. Nilijua maana yake ni asante, na nilijua pia kwamba kazi nimeipata. Mafundi wakaanza wiki ileile, yeye akibaki kwenye chumba cha kupanga, akimbembeleza mwenye chumba avumilie kidogo.

Siku hizi bado nawaandikia wenye nyumba mpya. Barua inaanza na jina la aliyenielekeza kwao, na habari za nyumba yao sisemi mpaka wanikaribishe. Imekuwa ndefu zaidi, na inajibiwa zaidi. Mara nyingi anayejibu haandiki, anapanda ngazi zangu mwenyewe na shangazi au jirani yake, wananikagua kwanza.

Pale kwa yule mama nilirudi kazi ilipokwisha, bila kumwambia kwamba naenda. Nilishuka kwenye bodaboda, nikalipa, nikasogea getini. Kupitia matundu ya ule ukuta wa baraza niliona mwanga tu. Mlango mkubwa ulikuwa wazi kabisa, na kutoka barabarani haukuonyesha kitu. Nikainua mkono nigonge.

"Ingia, hapajafungwa," sauti yake ikatoka ubavuni.

Alikuwa jikoni anamenya viazi, dirisha wazi, madaftari ya watoto yametandazwa mezani nyuma yake. Ile ndoo ya rangi ilikuwa chini ya dirisha, amepanda mchaichai ndani yake.

"Nimekuona tangu unashuka kwenye pikipiki," akasema. Aliweka kisu chini, akatabasamu. "Leo nimekuona mimi kwanza."