Sukuma Wiki ya Dorkasi Haina Tundu

"Mkikuta tundu kwenye sukuma wiki yangu, fungu chukueni bure. Na dawa ya dukani haijawahi kuigusa." Hivyo ndivyo Dorkasi wa Kerenge alivyowatangazia mama lishe wa Segera.

Viwavi na konokono hawakuhudhuria mkutano huo. Wiki iliyofuata majani yalikuwa chujio, na mama lishe walibeba mafungu manne bure huku wakimsifu kwa ukarimu.

Jirani yake Yordani alikuja na bomba la sumu mgongoni. "Shemeji, nikupulizie mara moja tu. Kesho unavuna."

"Kesho nivune, keshokutwa nizike wateja? Rudi na bomba lako."

Kosa aliliona alipoinama kwenye tuta. Kila jioni alimwaga majivu kuzuia konokono, kisha akamwagilia maji juu yake, konokono wakapita kwenye uji. Akahamishia umwagiliaji asubuhi, majivu akayaweka yakiwa makavu. Jioni alitandika magunia mabichi kati ya matuta. Alfajiri aliyafunua, akawaokota konokono waliojificha chini yake. Aligeuza jani moja moja, akasaga mayai na viwavi kwa kidole. Alitwanga mwarobaini, akauloweka usiku kucha, akauchuja, akatia sabuni kidogo, akapuliza chini ya majani jua likizama.

Baada ya wiki mbili yalichipua majani mazima. Kule Segera mama lishe mmoja aliinua jani juani, akalikagua kama hati ya kiwanja.

"Matundu yamekwenda wapi, Dorkasi?"

"Yamebaki Kerenge. Leo hakuna cha bure."

"Fungu ni shilingi mia tano," aliongeza.