Pete au Upasuaji

Mama mmoja alikuja hospitalini kwetu kutoka kijiji cha Endabash na bintiye; kizazi cha mama kilikuwa kimeshuka. Daktari aliniomba mimi muuguzi nimweleze fomu ya ridhaa ya upasuaji kwa Kiswahili chepesi, naye akaketi nasi. Kabla hatujaanza, binti alinishika mkono.

“Dada, hapo penye kifo paruke. Atakataa.”

“Siwezi, mdogo wangu. Mwili ni wake.”

Nikamwambia mama kwamba kizazi kitatolewa na misuli iliyolegea itakazwa. Anaweza kuvuja damu nyingi hata akaongezewa. Kidonda kinaweza kuoza, kibofu au utumbo kujeruhiwa, damu kuganda na kuziba mapafu. Dawa ya usingizi inaweza kumdhuru, na baadaye nyama za uke zinaweza kushuka tena.

“Na mara chache sana, mama, mtu hufariki.”

Binti akainamisha kichwa. Nikaendelea: badala ya upasuaji, anaweza kufanya mazoezi ya kukaza misuli, au kuwekewa pete laini ukeni ya kushikilia kizazi, ingawa pete hiyo inahitaji kusafishwa na inaweza kumchubua. Anaweza pia kukaa alivyo, ila hali huenda ikazidi.

“Hebu niambie ulivyoelewa.”

Alirudia yote, hata kifo, kwa sauti tulivu. Kisha akamfuta bintiye machozi kwa upindo wa kanga.

“Kifo nilishakiwaza, mwanangu. Hii pete ndiyo sikuwahi kuambiwa. Nianze nayo.”

Daktari akakubali. Tulipomwekea, alitembea kidogo, akakohoa kuona kama itatoka, ikakaa, akaanza kucheka. Bintiye naye akacheka.